Kivuli cheusi nyuma ya kiwiko

Mtoto wa miaka sita aliletwa kituoni kwetu Tanga baada ya kuanguka kutoka juu ya mpera, akatua kwa kiganja. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimevimba kidogo na hakinyooki. Mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono yalikuwepo, na aliweza kuunganisha kidole gumba na cha shahada akafanya duara. Hayo huyapima kabla ya picha, maana mfupa ukivunjika juu ya kiwiko unaweza kudhuru mishipa ya damu na ya fahamu.

Eksirei ya kwanza ya ubavuni ilipigwa kiwiko kikiwa kimekunjwa nusu tu, nikairudisha. Mkono unavyozidi kunyooka, ncha ya kiwiko huingia kwenye shimo la nyuma ya mfupa na kusukuma mafuta yaliyomo, yakaonekana hata kama hakuna tatizo. Nikaomba kiwiko kikunjwe nyuzi 90, mkono wote ulale mezani usawa wa bega.

Picha ya pili haikuonyesha ufa wowote. Lakini mbele ya mfupa kivuli cheusi cha mafuta kilikuwa kimeinuka kama tanga la ngalawa, na nyuma kulikuwa na ukanda mwingine mweusi, mwembamba. Ule wa mbele, ukiwa umelala mfupani, ni wa kawaida. Wa nyuma hauonekani kiwiko kizima kikikunjwa sawasawa. Mafuta hayo yako ndani ya kifuko cha kiungo. Damu ikijaa humo huyasukuma nje, na kwa mtoto aliyeanguka damu hiyo mara nyingi hutoka kwenye ufa tusiouona. Katika utafiti mmoja wa 1999, watoto 45 walikuwa na alama hiyo ya nyuma bila ufa kuonekana. 34 baadaye walithibitika kuwa wamevunjika, wengi wao juu ya kiwiko.

Mama yake akauliza, "Sasa daktari, kama picha haina ufa, si nikamchue tu nyumbani?"

"Hapana mama. Ndani kuna damu. Tumhesabie kuwa amevunjika mpaka picha nyingine ituambie vingine."

Kuchua ndiko kulikonitia hofu kuliko ufa wenyewe, kwa kuwa kunaweza kuusogeza mfupa. Nikamfunga plasta ya nusu upande wa nyuma, isiyozunguka mkono wote, ili uvimbe upate nafasi. Nikamwambia mama arudi usiku huohuo vidole vikipoa, vikififia rangi au maumivu yakizidi. Baada ya wiki mbili picha ilionyesha utando mweupe wa mfupa mpya ukiambaa juu ya kiwiko.

Ila mafuta yasipoinuka usimwachie mtoto kirahisi. Kifuko kikipasuka damu huvuja nje na alama haitokei, na ufa ulio nje ya kiungo haukijazi kabisa. Mtoto anayelia ukimbonyeza mfupani mfunge hivyohivyo, kisha umwite tena kwa picha.