Siku moja maishani mwangu: kwizi iliyokataa kumwachilia mtoto

Saa 12 asubuhi niko kwa matatu kutoka Githurai, nimejidanganya ati nitaihepa trafiki ya Thika Road, wapi, tumekwama Allsops. Sawa tu, nimetoa daftari nikaanza kuchora matawi.

Kazi yenyewe ni kwizi ya hesabu za sehemu ya Gredi 6, na swali linalofuata linategemea ulichojibu sasa hivi. Watu wengi hutengeneza njia mbili pekee, umepata au umekosa. Mimi sipendi hivyo, kwa sababu kosa lenyewe ndilo linakuambia mtoto anafikiria nini.

Saa 3 nimekaa na ticha anayetuandikia maswali, amekuja na binti yake kwa sababu shule zimefunga. Swali la kwanza ni 1/2 + 1/3, na kila jibu la uongo tumelitega makusudi. Aliyechagua 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wa 2/6 alikumbuka kufanya zile za chini kuwa 6 lakini akasahau kubadilisha za juu, na wa 1/6 amezidisha badala ya kujumlisha. Kwa hivyo kila mmoja anapelekwa kwa swali lake la msaada, M1 hadi M3, na aliyepata anaenda S2:

```json
{ "id": "S1",
  "swali": "1/2 + 1/3 = ?",
  "njia": { "5/6": "S2", "2/5": "M1",
            "2/6": "M2", "1/6": "M3" } }
```

Ticha akauliza, mbona tusiachie kila tawi liendelee na maswali yake mpaka mwisho? Nikamwambia mwalimu, piga hesabu, majibu manne kwa maswali kumi ni njia 1,048,576, nani ataandika hizo? Ndio maana matawi yetu yanarudi kwenye shina, mtoto akishasaidiwa pale M1 anarudi S1 anajaribu tena. Shida yangu yote ya leo ilitoka hapo.

Saa 5 nimeendesha programu ya kukagua kama kila swali lina njia ya kufika mwisho. Safi kabisa. Nikaenda kula chapati madondo roho ikiwa imetulia.

Saa 8 tukampa binti wa ticha laptopu. Akachagua 2/5, akapelekwa M1 ambayo inauliza ipi ni kubwa, 1/2 au 2/5. Akajibu 1/2, sawa kabisa, akarudishwa S1, akachagua 2/5 tena. M1 tena. S1 tena. Mara ya sita hivi akanigeukia, "Anko, hii kitu imeharibika?"

Haijaharibika, ilikuwa inafanya vile nilivyoiambia, na hapo ndipo mtu huona aibu. Mkaguzi wangu alikuwa anauliza kama njia ya kutoka ipo, na ipo kweli, ila ni ya mtu atakayejibu 5/6, na mtoto mwenye imani yake hawezi kuijibu hata umrudishe mara mia. Halafu M1 yenyewe tuliiandika vibaya, anajua vizuri 1/2 ni kubwa kuliko 2/5 lakini hakuna mahali tumemwonyesha kwamba ukiongeza kitu juu ya nusu huwezi kupata chini ya nusu, kwa hivyo anapita pale bila kuguswa.

Saa 9 mpaka saa 11 ni kurekebisha. Kwanza, kurudi kwenye shina hakumaanishi swali lile lile, sasa anarudi S1b ambayo ni 1/4 + 1/3, na mtego wake ni 2/7. Akianguka tena haendi M1, anaenda M1b yenye picha ya mkate uliokatwa vipande 6, nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, ahesabu mwenyewe. Na makosa yanahesabiwa kwa aina:

```js
kosa[aina] = (kosa[aina] || 0) + 1;
if (kosa[aina] >= 3) return "MWISHO_TICHA";
```

Mara ya tatu kwizi inasimama na kumwambia ticha mtoto huyu anajumlisha juu na chini. Kwa nini sio mara ya kwanza? Kwa sababu majibu yako manne, mtu anaweza kubahatisha tu.

Pia nimetengeneza wanafunzi bandia wanne, mmoja hupata zote na watatu kila mmoja ana kosa lake asiloliacha. Yule wa juu-na-chini, kwa kwizi ya asubuhi nilimkatiza kwa swali la 40. Sasa anatolewa akishajibu la 5.

Binti alirudia kabla waondoke. Alipofika kwa mkate akanyamaza, akahesabu kwa kidole, halafu akasema, "Kumbe vipande vya nusu na vya theluthi havikuwa saizi moja, si mngesema?" Ticha akacheka, akaandika hiyo sentensi kwa daftari yake, nadhani itaingia M1 kesho.

Saa 12 jioni niko kwa matatu tena. Tawi la 2/6 bado halijapitiwa na mtoto yeyote wa kweli.