Siku moja Naliendele: jeni mbili za muhogo na kisu cha kukatia mizizi

Mimi ni fundi sanifu wa mazao ya mizizi hapa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, na kazi yangu kubwa ni muhogo. Sihariri jeni, yaani sibadilishi maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya mmea. Kazi yangu ni kulinganisha aina za mihogo shambani ili kuona ipi inavumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Hata hivyo, tangu habari za kuhariri jeni zilipoanza kuwafikia watu kwenye simu, hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza kama tatizo letu sasa limekwisha. Nimeona niandike siku moja ya kazi ya mwezi Julai, kwa kuwa jibu la swali hilo limo ndani ya kazi yenyewe.

Saa 12.30 asubuhi

Ninaanza na kitalu kilichopandwa Januari, kabla jua halijawa kali, kwa sababu mwanga mkali huficha rangi ya njano hafifu inayotafutwa. Ugonjwa huu hauonekani kwenye majani machanga ya juu. Unainama, unashika jani la chini lililokomaa, na kutazama kandokando ya vena zake ndogo: kama virusi vimo, kuna umanjano unaozifuata kama unyoya, huku jani likiwa halijakunjamana. Likiwa limekunjamana na kudumaa, hiyo ni batobato, ugonjwa mwingine wenye virusi vingine, ingawa zote mbili huenezwa na inzi weupe na pingili zilizoambukizwa. Ninaandika alama kuanzia 1 kwa mmea safi hadi 5 kwa mmea ulioathirika vibaya.

Mistari ya pembeni ni ya aina iitwayo Albert, ambayo tunaipanda makusudi kwa sababu inaugua upesi na kuwaambukiza jirani zake. Mihogo isiyokutana na ugonjwa haiwezi kutuambia lolote kuhusu uvumilivu wake.

Saa 2.30

Baada ya chai na ming'oko tunahamia kitalu cha mwaka jana, ambacho kimetimiza miezi 12. Huku tunang'oa. Kila muhogo unakatwa vipande kwa kupita katikati, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa ganda halisemi ukweli: mzizi unaweza kuwa mnene na laini kwa nje, na ndani ukawa na mabaka makavu ya rangi ya kahawia yanayofanana na gome, yasiyolika hata ukiyachemsha mchana kutwa. Alama 2 ni mabaka yasiyozidi asilimia 5 ya nyama ya mzizi, na alama 5 ni zaidi ya asilimia 25.

Leo Albert imetupa alama 4 na 5 karibu kila shina. Aina nyingine, Kiroba, ilikuwa na umanjano kwenye majani miezi yote, lakini mizizi yake mingi ni mieupe. Jambo hili huwashangaza wageni. Kiroba ina virusi. Inavumilia tu, na kwa mkulima tofauti kati ya kuvumilia na kutougua kabisa si kubwa, mradi apate chakula.

Saa 4.30

Wakulima wanne kutoka vijiji vya jirani wamekuja kutazama mavuno. Mama mmoja mtu mzima, ambaye mwaka uliopita aling'oa mihogo yake ikiwa na miezi minane ili kuuwahi ugonjwa, ameuchukua mzizi wa Albert uliokatwa na kuugeuzageuza mkononi.

"Mwanangu, nimesikia siku hizi wanaingia ndani ya mmea wanarekebisha hiyo mbegu ya ugonjwa. Si mje mlitibu na shamba langu?"

Nimemjibu kwamba, kwanza, ugonjwa si jeni ya muhogo. Jeni ni sehemu ya DNA, ule uzi mrefu ulio ndani ya kila seli, inayobeba maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Muhogo una jeni zaidi ya 30,000, zilizopangwa kwenye kromosomu 36, na kwa kawaida kila jeni ina nakala mbili. Kirusi kinakuja kutoka nje na jeni zake chache, hakina mashine ya kutengeneza protini, na hivyo kinatumia mashine za muhogo. Anayetaka kukizuia kwa kuhariri ana njia mbili: kukishambulia chenyewe, au kukiondolea kile ambacho kirusi hukishika muhogoni.

Njia ya kwanza ilijaribiwa kwa kirusi cha batobato, ambacho jeni zake ni DNA. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba mihogo waliyoiwekea mkasi, yaani protini ya kukikata kirusi hicho, iliugua kama mingine, na baadhi ya virusi vilibadilika pale pale palipokuwa pakikatwa, mkasi ukawa hauvitambui tena. Kwa michirizi ya kahawia njia hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa jeni za kirusi chake ni RNA, uzi wa maelekezo unaokaribiana na DNA, na mkasi unaotumika sana, Cas9, hukata DNA.

Pili, nilimwambia mama, mmea uliokwisha kusimama shambani una mamilioni ya seli, na hakuna namna ya kuifikia kila moja. Uhariri wa muhogo huanzia kwenye tishu ndogo inayolelewa maabara, seli moja ikishahaririwa ndiyo inayokuzwa kwa miezi mingi hadi iwe mche. Shamba lake haliwezi kutibiwa. Linaweza tu kupandwa upya.

"Basi ni yale yale ya kungoja pingili," amesema, na wenzake wamecheka.

Saa 6.30 mchana

Maabara. Tumeleta majani kupima virusi, maana jani safi kwa macho huweza kuwa na kirusi. Binti aliye kwenye mafunzo kwa vitendo anasaga sampuli, na swali lake ni la ndani zaidi kuliko la wakulima: "Kaka, hiyo njia ya pili ilifanyika kwa jeni gani?"

Kirusi cha michirizi ya kahawia kina protini ndogo iliyoungana na mwanzo wa RNA yake, na protini hiyo hunasa protini za muhogo za familia iitwayo eIF4E, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuanzisha usomaji wa maelekezo ili protini itengenezwe. Muhogo una protini tano za familia hii. Watafiti nchini Marekani waliona kwamba ile ya kirusi hunasa zaidi mbili kati ya hizo, nCBP-1 na nCBP-2, wakaamua kuzizima zote mbili. Hawakugusa tano zote, kwa sababu hizo si mali ya kirusi. Muhogo wenyewe unazihitaji ili uishi.

Nilimchorea binti namna jeni inavyozimwa. Cas9 huongozwa na kipande cha RNA chenye herufi 20, yaani viungo vinavyounda uzi huo, zinazolingana na mahali panapotakiwa, kisha hukata nyuzi zote mbili za DNA. Baada ya hapo kazi ya mwanadamu imekwisha. Seli inaunga yenyewe, na katika kuunga huweza kupoteza au kuongeza herufi moja au mbili. Kwa kuwa herufi husomwa tatu tatu, kukosekana kwa moja kunavuruga kila kinachofuata. Herufi hizi ni za mfano tu:

```
Kabla:  ATG GCT GAA CTT
Baada:  ATG GCG AAC TT
```

Herufi iliyopotea ni T ya kundi la pili, na kuanzia hapo hakuna kundi lililobaki kama lilivyokuwa. Mara nyingi amri ya kusimama hutokea kabla ya wakati, na protini nzima haipatikani. Kumbe kinachoitwa kuhariri, kwa sehemu kubwa, ni kuharibu mahali palipochaguliwa vizuri. Kuandika maneno mapya kwa usahihi kunawezekana pia, lakini kwenye mimea ni kazi ngumu zaidi.

Ugumu wa muhogo ni hesabu: jeni mbili, nakala mbili kila moja, hivyo ni nakala nne za kuzima katika seli ile ile. Ikibaki nakala moja nzima, protini inaendelea kutengenezwa. Tena mkasi ukichelewa kufanya kazi hadi seli imeshagawanyika, mche huwa na matawi mchanganyiko. Ndiyo maana DNA husomwa herufi kwa herufi kutoka majani kadhaa ya mche mmoja. Ukikuta herufi mbili zinagombea nafasi moja kwenye matokeo, bado hujafika.

Saa 8.30

Binti hakuridhika. "Na baada ya kuzima zote nne, mihogo ilipona?"

Hapa ndipo watu wengi huishia njiani wanaposimulia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba mihogo iliyozimwa jeni zote mbili ilichelewa kuonyesha dalili, dalili za shinani zilikuwa nafuu, na mizizi ilikuwa na mabaka machache na virusi vichache. Lakini iliugua. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kirusi bado kinapata msaada wa ndugu wengine wa familia ile ile, ingawa kwa taabu. Kwa lugha ya kitalu changu, walikaribia pale ilipo Kiroba. Tena walitumia aina 60444, inayopendwa maabara kwa kuwa ni rahisi kukuzwa kutoka kwenye tishu, na majaribio yalikuwa ndani ya banda la mimea, ambako hakuna inzi weupe wa Mtwara.

Linganisha na sumu ya muhogo mchungu. Hatua ya kwanza ya kuitengeneza hufanywa na vimeng'enya viwili vinavyotokana na jeni CYP79D1 na CYP79D2. Watafiti walipozizima zote mbili, sumu haikutengenezwa, kwa sababu muhogo hauna njia nyingine. Teknolojia ni ile ile, na matokeo yametofautiana kwa sababu ya umbile la jambo lenyewe: pale sifa inapotegemea hatua moja isiyo na mbadala, kuhariri kunaikata kabisa. Wingi wa mavuno au uvumilivu wa ukame hutegemea jeni nyingi zenye mchango mdogo mdogo, pamoja na udongo na mvua, na sijui ni ipi mtu ataikata akapata magunia zaidi.

Saa 10.30 jioni

Tunafunga pingili za Kiroba za wakulima wale na kuandika vibandiko. Binti amekumbuka swali la mwisho: je, pingili ya mmea uliohaririwa itabaki imehaririwa? Ndiyo, kama mche ulitoka kwenye seli moja iliyohaririwa, kwani pingili ni mwili ule ule. Faida hiyo ina upande wa pili. Mara nyingi Cas9 huingizwa kwa kupachika DNA yake ndani ya DNA ya mmea, na kwa mahindi mtu huweza kuiondoa baadaye kwa kuzalisha mbegu na kuchagua watoto wasioirithi. Ukimzalisha muhogo kwa mbegu, nakala zake zisizofanana huchanganyika upya, na mtoto hafanani na mzazi: unaondoa Cas9 na kupoteza ladha, umbo na mavuno yaliyokufanya uichague aina hiyo. Kwa hiyo zipo maabara zinazojaribu kuingiza mkasi bila kuupachika, na kwa muhogo kazi hiyo bado ni ngumu.

Mama yule amechukua mafungu mawili. Nimemsihi aikague mihogo yake ikifika miezi mitatu, atazame majani ya chini, na shina lenye dalili aling'oe mapema, lisije likakatwa pingili za msimu ujao.