Nilivyorudisha mchango wa sendofu uliotoka kwa mzabuni

Niko kitengo cha ununuzi kwenye taasisi moja ya umma hapa Mwanza, na zawadi ngumu kukataa sio bahasha, maana bahasha kila mtu anaijua. Ngumu ni mchango. Sendofu ya mdogo wangu, binamu yetu alisambaza kadi za michango kwenye maduka mjini kati, na kadi moja ikaangukia kwa mzee ambae anatuuziaga karatasi na tona za printa. Binamu hakujua, na mzee nae kupewa kadi sio kosa lake.

Shida ni namna hela ilivyokuja. Watu wengi walikuwa wanachangia elfu hamsini au laki kwa mweka hazina wa kamati, huyu akatuma laki tano, tena kwenye simu yangu mimi, na ilikuwa siku moja baada ya kotesheni za vifaa vya ofisi kufunguliwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, yeye akiwa mmoja wa walioomba na mimi nikiwa kwenye timu ya tathmini. Ujumbe ulisema tu "mchango wa sendofu, tupo pamoja". Hakuomba kitu, na ndo maana watu wengi wanaipokea.

Kabla ya kumpigia mzee nilienda kwa mkuu wa kitengo nikamuonesha simu. Ukirudisha kimya kimya, rekodi inabaki kwamba ulipokea laki tano za mzabuni wakati wa tathmini, na hakuna shahidi wa kwamba ulikataa. Nikaandika dokezo kwa afisa masuuli: tarehe, saa, kiasi, namba iliyotuma, zabuni gani, nikaomba nitolewe kwenye tathmini. Sikuandika kwamba mzee anatoa rushwa, hilo sio langu kuamua, niliandika kilichotokea tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa anaetoa au kuahidi kama inavyomgusa anaepokea, kwa hiyo maneno unayoyaweka pale yanaweza kumfikisha mtu mbali. Nikabadilishwa, mwenzangu akaingia.

Hela niliirudisha kwa simu ile ile kwenda namba ile ile, laki tano kamili, makato nikalipa mimi. Sikutaka kumpelekea keshi dukani, maana keshi haiachi alama na mtu akituona tunapeana hela hajui nani anampa nani. Halafu nikamwandikia:

"Shikamoo mzee. Mchango wako nimeuona, ahsante kwa kutukumbuka kwenye furaha yetu. Kwa kazi ninayofanya siruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa anaefanya biashara na ofisi yetu, kwa hiyo nimerudisha yote. Nakuheshimu sana mzee wangu."

Niliifuta na kuiandika tena mara kadhaa kwa sababu mkono ulikuwa unanipeleka kwenye "labda baadae" au "tusubiri kwanza haya mambo yaishe". Hayo maneno yanasikika laini lakini anaesoma anaelewa umeahirisha, hujakataa, na zabuni ikiisha atakuja na ya shukrani. Pia sikugusa habari ya tathmini imefika wapi, hata neno moja la kumtuliza roho lingekuwa kuvujisha siri.

Akanipigia, ameumia kweli. "Mwanangu, hii ni ya mtoto wetu, sio ya ofisi." Nikamwambia mzee, ungekuwa hutuuzii kitu ningepokea kwa mikono miwili. Akanyamaza kidogo, akasema basi atamtumia mama.

Hapo ndo pagumu, maana ikipita kwa mama bado imefika kwangu. Nikampigia mama usiku ule ule na yeye hakunielewa kabisa, kwake kumrudishia mtu mchango ni kumtukana, na kesho tukifiwa nani atakuja? Tuliongea sana. Sikumtajia sheria, nilimuuliza tu, mzee akileta tona mbovu nitamkatalia vipi wakati amelisha wageni wetu? Hilo alilielewa, akasema ikija hataigusa. Mweka hazina nae nikamwambia, na kwa binamu nikataja maduka yote yanayotuuzia, sio la mzee tu, kadi zikachukuliwa kistaarabu kwa maneno kwamba familia imepunguza wachangiaji.

Mzee alininunia muda. Ile kotesheni alishinda mwingine, baadae akashinda oda nyingine ya tona, na kamati ya mapokezi ilipofungua maboksi ikakuta baadhi sio aina iliyoandikwa kwenye oda. Wakayaandika kuwa yamekataliwa, mimi nikampigia kumpa taarifa. Akauliza ni mangapi, akatuma kijana aje kuyachukua, akaleta yenyewe.