Nilivyoacha kubahatisha kati ya "is" na "are": mkasi, habari na hisabati kwa Kiingereza

Kwa miaka minne nilikuwa mtunza stoo katika karakana ya ushonaji mjini Tanga, na kila Ijumaa jioni nilitakiwa kuandika kwa Kiingereza taarifa fupi ya vifaa vilivyopo, vilivyoharibika na vilivyopotea, kwa kuwa mmoja wa wenye mali hakujua Kiswahili. Stoo yenyewe ilikuwa ndogo: mikasi 12 ya kukatia vitambaa, koleo tatu, na marundo ya suruali na kaptula za sare za shule. Sikujua kwamba karibu kila kitu katika rafu zile kina jina la Kiingereza linaloishia na "s" hata kinapokuwa kimoja.

Wiki moja mkasi mmoja ulipotea. Niliandika "The scissors is missing", kwa sababu mkasi uliopotea ulikuwa mmoja. Taarifa ilirudi ikiwa na mstari mwekundu chini ya "is", na juu yake limeandikwa "are". Nilikubali kwa shingo upande. Baada ya wiki mbili mkasi mwingine haukuonekana, nami nikaandika kama nilivyosahihishwa, "The scissors are missing". Jumatatu asubuhi niliitwa ofisini nieleze imekuwaje mikasi yote ikapotea.

Jioni ile nilimwendea jirani yangu, mzee aliyestaafu baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka mingi, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Alizisoma sentensi zangu mbili, kisha akaniuliza swali la Kiswahili.

"Mwanangu, maji yakidondoka tone moja hapo sakafuni, utasema limedondoka au yamedondoka?"

"Ukitaja maji, Mwalimu, ni yamedondoka tu."

"Hata kama ni tone moja?"

"Hata kama ni tone moja."

"Basi kitenzi chako kimelifuata neno, hakikuhesabu kitu. Na 'scissors' ni hivyo hivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika Kiswahili tunao mkasi na mikasi, na kiambishi cha mwanzo kinatuambia idadi. Mwingereza hana neno la mkasi mmoja. Ameuita mkasi kwa makali yake mawili yaliyofungwa pamoja, na neno hilo limebaki katika wingi wakati wote. Ndivyo ilivyo kwa "trousers", "shorts", "pliers", "glasses" za machoni na "tongs" za kushikia makaa: kila kimoja kina pande mbili zilizoungana, na kila kimoja huchukua "are", "were", "have" na "these", hata kama mkononi umeshika kimoja tu. Kwa hiyo sahihisho la wino mwekundu lilikuwa la haki. Kasoro yake ni kwamba "The scissors are missing" haisemi ni mikasi mingapi. Yaweza kuwa mmoja, yaweza kuwa 12, na msomaji wa taarifa ya stoo hawezi kukisia.

Dawa ya hilo ni neno "pair". Mtu anapotaka kuhesabu, huliweka mbele neno hilo, na kuanzia hapo kitenzi hulifuata lenyewe: "One pair of scissors is missing", na ikipotea miwili, "Two pairs of scissors are missing". Mwanzoni niliona ajabu kuuita mkasi mmoja "pair", kwa kuwa kwetu jozi ni vitu viwili, kama viatu. Lakini jozi inayotajwa hapa ni ya makali. Niliandika upya ukurasa mzima wa daftari la stoo kwa mtindo huo, nikaanza na mikasi, nikaja kwenye koleo, nikamalizia na suruali, na tangu hapo hesabu yangu haikuulizwa tena.

Mwalimu alinionyesha pia kwa nini sikio langu lilikuwa halishtukii kosa. Tunasema "mkasi ni mkali" na "mikasi ni mikali"; umoja na wingi vimeonekana katika nomino na katika sifa, lakini "ni" imebaki vile vile. Katika sentensi ya namna hiyo Kiswahili hakikunizoesha kusubiri idadi mahali ambapo Kiingereza kinaiweka, yaani katika "is" na "are". Ndiyo maana nilikuwa nikiandika mojawapo kwa kubahatisha na zote mbili zikinipendeza.

Baada ya mkasi nilidhani nimepata kanuni: neno likiishia na "s", weka "are". Kanuni hiyo ilivunjika Ijumaa iliyofuata tu, nilipoandika "The news from the suppliers are good". "News" huchukua "is" daima. Neno hilo lilitokana na wingi wa "new", na katika karne ya 16 na 17 waandishi wa Kiingereza walilitumia kwa umoja na kwa wingi, lakini leo limebaki katika umoja peke yake: "this news", "the news is". Tena halihesabiki. Sisi husema habari tatu bila wasiwasi, ilhali "three news" ni kosa. Husemwa "three pieces of news", na hapo kitenzi hufuata "pieces" na kuwa "are".

Mtego wa "news" hauko katika sentensi fupi. Uko katika ndefu, kama hii niliyoikuta katika taarifa zangu za zamani: "The news about the broken machines and the late orders are bad." Kitenzi kiko jirani na "orders", nacho kikavutwa na jirani yake. Niliizoea kazi ya kuweka kidole juu ya maneno yote yaliyoko kati ya "news" na kitenzi, nikasoma kilichobaki: "The news is bad". Nikitoa kidole, "is" inabaki pale pale.

Majina ya masomo yalinipa kazi kidogo zaidi. "Mathematics" lina asili ya Kigiriki, ambako lilikuwa katika wingi, lakini kwa Kiingereza cha leo ni somo moja: "Mathematics is difficult". Waingereza hulifupisha "maths", Wamarekani "math", na wote husema "is". "Physics" ni hivyo hivyo. Magonjwa kama "measles", yaani surua, kwa kawaida huchukua "is", na mchezo wa "draughts", ambao ndio dama yetu, pia.

Neno lililonisumbua kwa muda mrefu zaidi ni "statistics", kwa sababu lina maana mbili na kila maana ina kitenzi chake. Likiwa ni somo la takwimu linalofundishwa chuoni, ni umoja: "Statistics is taught in the second year." Likiwa ni takwimu zenyewe, yaani namba zilizokusanywa, ni wingi: "These statistics show a loss." Hapa kuangalia umbo hakusaidii. Mimi hujiuliza kama ningeweza kutoa namba moja katika hizo na kuiita "a statistic"; nikiweza, naandika "are". Kwa maneno mengine nisiyoyajua hufungua kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, ambayo kando ya "news" huweka alama ya nomino isiyohesabika, na kando ya "scissors" huandika kwamba ni wingi.