Taa mbili ndani ya miwani: jinsi nilivyoyarudisha macho ya mtangazaji

Kipindi chenyewe kilikuwa cha afya, mazungumzo kuhusu kisukari yaliyotangazwa na daktari mstaafu, kilichorekodiwa katika chumba kidogo mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Dari ilikuwa fupi, kwa hiyo taa mbili za LED zilisimamishwa karibu usawa wa uso wake, moja kila upande, zikang'aa kwenye vioo vya miwani yake. Nilipoletewa picha kwa ajili ya montaji, daktari alikuwa amekwisha kurudi Kolwezi. Mama aliyesimamia kipindi aliniuliza, "Papa, zile taa zitatoka kweli? Watu wakimwangalia hawaoni macho yake." Nikamjibu, "Zitatoka, mama, ila si kila mahali."

Nilisema hivyo kwa sababu mng'ao wa kioo cha kushoto na ule wa kulia haukuwa wa aina moja. Katika programu ya montaji ya DaVinci Resolve, ukurasa wa Fusion, ukipitisha kipanya juu ya picha unaonyeshwa thamani za nyekundu, kijani na bluu. Kushoto thamani zilipanda na kushuka ndani ya mng'ao, na mboni ilionekana kwa mbali chini ya rangi ya kijani. Kulia, katikati ya mng'ao, rangi zote tatu zilikaa kwenye kiwango kilekile kila nilikopitisha kipanya. Hapo kamera ilijaa ikashindwa kuandika kitu kingine. Jicho halimo ndani ya faili, na hakuna kupunguza mwanga kutakakolirudisha.

Kioo cha kushoto kilikuwa rahisi. Mwanga unaorudishwa na kioo haufuti kilicho nyuma yake, unaongezeka tu juu yake. Kwa hiyo unaweza kuutoa, mradi utoe kwenye mwanga halisi na si kwenye thamani ambazo video imekwisha kuzikunja kwa ajili ya skrini. Ukitoa bila kuzikunjua kwanza, ngozi inakaa sawa huku sehemu nyeusi kama kope na mboni zikibaki na ukungu wa mng'ao. Niliweka nodi ya `Gamut` na kutia alama kwenye `Remove Gamma`, kisha nikalinganisha ngozi iliyo ndani ya mng'ao na ngozi ya jirani yake ndani ya kioo kilekile. Tofauti ilikuwa takriban 0.06 kwa nyekundu, 0.13 kwa kijani na 0.07 kwa bluu. Kijani kilizidi kwa sababu miwani ile ina utando wa kupunguza mwakisiko, na utando huo huacha rangi. Katika `CustomTool` nikaandika:

```
r1-0.06
g1-0.13
b1-0.07
```

Juu yake nikachora `Polygon` yenye kingo laini, nikaifungamanisha na mwendo wa miwani, halafu `Gamut` nyingine ikarudisha mkunjo. Rangi ya mboni ndiyo inayokuambia kama umepatia. Ikibaki na ukijani, umetoa kidogo. Ikigeuka zambarau, umetoa kijani kupita kiasi. Kile kinukta cheupe kidogo kilicho juu ya jicho lenyewe nilikiacha makusudi, maana mtu asiye na nukta ile anaonekana kama hayupo.

Kioo cha kulia ndicho kilichonikalisha usiku. Jicho lilipaswa kutoka mahali pengine, na mahali pazuri ni video ileile. Kioo kikiinama kwa digrii fulani, mwanga uliorudishwa unageuka kwa digrii mara mbili yake. Daktari alikuwa akisoma karatasi, na kila alipoinamisha kichwa kidogo tu, mng'ao uliruka hadi ukingoni mwa kioo ilhali jicho lilibaki karibu palepale. Kwa hiyo picha zenye jicho safi zilikuwa zimetapakaa kote, chache kabla au chache baada ya zile zilizoharibika.

Ili niweze kuziazima, kwanza niliisimamisha miwani. Nodi ya `Tracker` niliipa alama mbili: skrubu ya bawaba upande wa sikio, na kona ya fremu ya miwani juu ya pua. Nyusi hazifai kwa kazi hii kwa kuwa zinapanda na kushuka mtu akizungumza, na mng'ao wenyewe ndio haufai kabisa kwa kuwa unateleza juu ya kioo. Alama mbili zinatosha kujua miwani imesogea wapi, imezunguka kiasi gani na imekaribia au kuwa mbali kiasi gani. Baada ya hapo miwani inatulia katikati ya skrini, uso wote unayumba nyuma yake, na unauona mng'ao ukitembea peke yake.

Nikachukua nakala ya video hiyo iliyotulizwa, nikaipitisha kwenye `TimeSpeed`, na kwa `Delay` nikaisogeza picha kadhaa mbele au nyuma hadi jicho safi likutane na jicho lililofunikwa. `Merge` yenye maski ndogo ikapitisha sehemu ya mng'ao tu. Mwisho mwendo wa kichwa ukarudishwa kwa thamani za `Unsteady Position` za `Tracker` ileile, pamoja na zile za mzunguko na ukubwa. Wengine hugandisha picha moja safi na kuibandika. Ni haraka, lakini chembechembe za video zinasimama mahali hapo peke yake, na kiraka kinaonekana kama karatasi iliyogundishwa. Kiraka kinachotembea kinakuja na chembe zake.

Kulikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni kwamba jicho liko sentimita moja na zaidi nyuma ya kioo. Kichwa kikigeuka upande, jicho linahama ndani ya fremu ya miwani hata kama fremu imetulia kwenye skrini. Pale daktari alipomgeukia mgeni wake, nililazimika kusukuma kiraka pikseli chache kwa `Transform`, nikiongozwa na ukingo wa kope uliobaki wazi nje ya mng'ao.

Cha pili ni kupepesa macho. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, kope inashuka na kupanda ndani ya picha chache tu. Kama kiraka kina jicho wazi wakati jicho la pili limefumba, mtazamaji anashtuka hata asipojua kilichomshtua. Nilitafuta mpepeso mwingine uliokuwa safi, nikaupanga ili picha ambayo kope imeshuka chini kabisa iangukie juu ya picha kama hiyo, na kuanzia hapo pande zote mbili zikafuatana vizuri. Kazi hii haina njia ya mkato. Unasogeza picha moja, unatazama, unasogeza nyingine.

Kuhusu umeme wetu unaokatika bila kuaga: sikutoa faili moja ya video. Nilitoa kila picha kama TIFF yake, umeme ukirudi naendelea pale iliposimama.

Sehemu moja ilinishinda. Daktari alitazama kamera moja kwa moja, bila kutikisika, akieleza dalili za sukari kushuka, na hakukuwa na jicho safi karibu lenye mtazamo ule. Kulikopi jicho la kushoto na kuligeuza ilikuwa inawezekana, ila nukta ya mwanga ingekaa upande usio wake na mboni ingeangalia kando. Nikamwomba mama picha za kipimo cha sukari na za mkono wa muuguzi, nikaziweka hapo juu ya sauti yake.

Kwa kipindi kilichofuata tulihamia sebule yenye dari ndefu, taa zikapandishwa juu ya kichwa zikitazama chini, na mikono ya miwani ikainuliwa kidogo juu ya masikio ili vioo viiname.