Maswali matano ya kupima levo: kumbukumbu ya mradi wangu, toleo la tatu

Kwa ambao hamjui huu mradi ulianzaje, mimi nipo Bagamoyo, na hapa wageni hawakatiki, wengi wanakuja TaSUBa kujifunza ngoma, wanakaa miezi miwili mitatu wanaondoka. Wakishafika kwao wanaendelea kuniandikia wasapu kwa Kiswahili ili wasisahau, na mi nawajibu. Sasa hivi wapo kumi na mmoja. Mwanzoni nilikua nawajibu wote Kiswahili kilekile, wengine wakawa wananirudishia "asante sana rafiki!" hata pale nilipouliza swali, kumbe hawakuelewa kitu. Ndo nikasema ngoja nitunge testi fupi, mtu ajibu maswali machache nijue nimjibu kwa levo gani. Levo zangu ni tatu tu, yale mambo ya A1 mpaka C2 ya Wazungu yana ngazi sita na mi siwezi kuandika meseji kwa namna sita.

Toleo la kwanza lilikua na maswali kumi na mbili na lilikufa siku hiyohiyo. Nimeandika juu "jaza nafasi zilizoachwa wazi kwa kutumia viambishi sahihi", mtu wa levo ya chini anakwama kwenye hiyo sentensi kabla hajafika swali la kwanza. Kwahiyo nilikua napima kama ameshawahi kusoma mtihani wa Kiswahili, sio kama ataelewa meseji yangu. Toleo la pili nilitoa maelekezo yote nikaanza na salamu na "unatoka wapi", lakini hayo kila mtu kakariri kwenye ndege, "ninatoka Ujerumani, ninajifunza Kiswahili, ninafurahi kukufahamu", yametoka safi kabisa halafu unamuuliza kitu kidogo pembeni anapotea.

Hili ndo toleo la tatu, natuma swali mojamoja kama maongezi ya kawaida tu:

1. Unaishi na nani?
2. Jana jioni ulikula nini, na saa ngapi?
3. Hujawahi kupanda dau?
4. Nitajie chakula usichokipenda. Kwa nini?
5. Jana kama umeme ungekatika siku nzima ungefanyaje?

Akikosa mawili mfululizo naacha hapohapo, hakuna haja ya kumtesa. Na sijumlishi maksi, naangalia kaangukia wapi.

Swali la nne ndo mboni ya jicho langu. Kila kitu kipo kwenye ile "si" ndogo katikati ya "usichokipenda". Aliyeiona anasema sipendi bamia zinateleza. Asiyeiona anakuambia "ninapenda pilau kwa sababu ni tamu sana", sentensi haina kosa hata moja lakini kajibu swali ambalo sijauliza. La pili nalo lina mtego wake, ni saa. Mtu anaandika "nilikula wali saa saba jioni", sasa kwetu saa saba ni mchana au usiku wa manane, hakuna saa saba ya jioni, maana yake kaitoa saa yake ya kwao ilivyo bila kubadilisha masaa sita. Huyo nikimwambia nitakupigia saa mbili usiku atakaa na simu saa nane usiku ananisubiri. La tano naangalia kama kaelewa ni jambo ambalo halikutokea, wengine wanajibu "pole, umeme ulirudi saa ngapi?" yaani wananipa pole kabisa.

La tatu liliniumbua. Nilidhani jibu sahihi ni "ndiyo, sijawahi", maana unakubaliana na aliyeuliza, na Mzungu atasema "hapana" kama kwao. Nikaona kwanza niwajaribie wenyeji. Nikaenda ufukweni pale soko la samaki kwa baba mdogo, shikamoo marahaba, nikamuuliza hujawahi kupanda dau? Akaniangalia. "We mtoto una homa? Miaka yote hii samaki nawafuata kwa miguu?" Basi nikabadilisha nikawa nauliza watu wa pale habari ya ndege. Mmoja kasema ndiyo sijawahi, mwingine hapana sijawahi, na bi mkubwa mmoja kasema "mh" tu. Wote hawajapanda. Kwahiyo ndiyo na hapana siviangalii tena, naangalia kitenzi kinachofuata, kama kaandika "sijawahi" au "nimewahi" basi kaelewa, akikomea kwenye "ndiyo" peke yake namuuliza lini.

Sasa kilichonifundisha zaidi ni watu wawili wa wiki hii. Wa kwanza mdada wa Uholanzi, anaandika nadhifu, nukta zote zipo, ngeli zote zimekaa. Wa pili kijana kazaliwa Uingereza wazazi wake wa Tanga, anaandika "me sipendi samaki ile ndogo, miba yake mingi mno" na "vitabu yangu". Kwa macho ungempa dada levo ya tatu na kijana ya kwanza, na ndivyo nilivyofanya mimi. Kumbe dada kaanguka la tatu na la nne, hilo la nne kanisifia ndizi za nyama. Kijana kapita yote matano, saa kapatia, na la tano kasema angeenda kwa shangazi yake kuchaji simu. Kuandika kwake kubovu lakini anasikia kila kitu, Kiswahili kakisikia jikoni kwao toka mdogo. Na mimi ninachotaka kujua ni ataelewa nini nikimwandikia, sio yeye ataandika nini. Kwahiyo sasa kwenye daftari nina safu mbili, kaelewa na kaandika, levo ya jibu inatoka kwenye ya kwanza peke yake. Ile ya pili inanisaidia tu kujua nimsahihishe nini.

Mfano, wote wawili waliniuliza Magofu ya Kaole yako mbali? Dada nimemjibu: "Kaole ni karibu. Ni kilomita 5. Panda bajaji. Kwanza uliza bei." Kijana: "Wala si mbali, kama kilomita 5 hivi, ukichukua bajaji unafika sasa hivi, ila mkubaliane bei kabla hujapanda." Hiyo "kabla hujapanda" nimeitoa kwa dada makusudi kwa sababu niliwahi kumwandikia akanijibu "kweli, bado sijapanda". Aliisoma kama namwambia hajapanda.

Mtu akiwa katikati ya levo mbili nampa ya chini kwanza halafu nasikilizia jibu la meseji yangu ya kwanza, hilo kwangu ndo swali la sita. Namalizia meseji na swali dogo, akilijibu nampandisha kidogo inayofuata, akinitumia kopakopa na asante najua nimepaa juu yake.

Bado la pili linanisumbua. Jana mmoja kajibu "sikula jioni, nilikula saa tano usiku", nikafurahi saa kaipata, baadae nikawaza, hiyo saa tano yake ni saa tano yetu kweli au kala alfajiri? Nimemuuliza alikula na nani, hajajibu mpaka sasa.