Jinsi nilivyosawazisha maelezo ya mchoro na tanbihi ya jedwali

Mwenzangu hapa Mbarara alinipa makala yake kuhusu hemoglobini ya watoto niihakiki kabla haijatumwa kwa jarida. Maelezo ya mchoro yalisema 10.8 ± 0.2 g/dL, n = 38, ilhali tanbihi ya jedwali, kwa kundi lilelile, ilisema 108 ± 12 g/L, n = 36.

Wastani ulikuwa mmoja, kwa kuwa 10.8 g/dL ni sawa na 108 g/L. Kilichonisumbua ni alama ya ±, ambayo haikufafanuliwa popote. Nilipogawanya 12 kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 6, nikapata 2 g/L, sawa na 0.2 g/dL: jedwali lilitoa mchepuko sanifu, mchoro ukatoa kosa sanifu la wastani.

Hesabu hiyo haikuamua n, maana hata kwa 38 jibu hukadirika kuwa 0.2. Ilinibidi nihesabu safu za data moja moja. Sampuli mbili zilikuwa zimeganda, zikaondolewa baada ya mchoro kuandikiwa maelezo.

Tuliuchora mchoro upya kwa watoto 36, na maelezo sasa yanasomeka: “wastani ± mchepuko sanifu, g/L, n = 36”.